"Mbona kwangu inafunguka?": kwa nini linki tupu si waraka

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri, na bei naipanga kwa idadi ya maneno. Mteja huniandikia, "Naomba bei ya kutafsiri katiba ya kikundi chetu," na chini yake anaweka linki. Nikiibandika linki hiyo kwenye Microsoft Word, hesabu inayotokea chini ya ukurasa ni neno 1. Word haijakosea. Imepewa herufi zilizofuatana bila nafasi, ikahesabu kilichopo. Katiba haimo.

Tuitazame linki ya namna hiyo, ile ninayotumiwa zaidi kuliko zote:

```
https://docs.google.com/document/d/KITAMBULISHO/edit?usp=sharing
```

Pale nilipoandika KITAMBULISHO huwa pana mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Mwanzo wa linki unataja seva ya kuulizwa, na kitambulisho kinataja faili linalotakiwa. Hakuna kifungu hata kimoja cha katiba humo. Ili maneno yapatikane, lazima kifaa kitoke kwenda kwenye seva, kiombe faili, na seva iridhike kumpa huyo anayeomba. Programu ya kuhesabu maneno haitoki kwenda popote. Ya kusahihisha tahajia pia haitoki, na kisanduku cha fomu kinachosema "bandika maandishi hapa" hupokea kilichobandikwa basi.

Mkia wa linki hii umewapotosha wengi. Mtu akiona `usp=sharing` anaamini waraka ameshaushiriki. Hapana. Maneno hayo yanaonyesha tu kwamba linki ilichukuliwa kupitia sehemu ya kushiriki, na hubaki hapo hata kama waraka bado umefungwa kwa kila mtu isipokuwa mwenyewe. Vivyo hivyo `edit` haimpi mpokeaji ruhusa ya kuhariri. Ruhusa imeandikwa kwenye seva, haimo kwenye linki.

Hapo ndipo ninapoulizwa, "Mbona kwangu inafunguka, kaka?" Inafunguka kwako kwa sababu kivinjari chako kimeshaingia kwenye akaunti yako, na kila kinapokwenda Google kinabeba vidakuzi vya kukutambulisha. Mimi sinavyo, kwa hiyo naonyeshwa ukurasa wa kuingia kwenye akaunti au wa kuomba ruhusa. Anwani ni ile ile, tumepewa vitu viwili tofauti. Ukitaka kuona ninachokiona mimi, fungua dirisha la faragha (kwenye Chrome ya kompyuta ni Ctrl+Shift+N), usiingie kwenye akaunti yoyote, kisha bandika linki yako humo. Kinachotokea ndicho ulichonitumia.

WhatsApp nayo inaongeza utata. Ukituma linki ya habari, mara nyingi hutokea kijikadi chenye picha, kichwa cha habari na mstari mmoja wa maelezo. Mtumaji akikiona anasema moyoni, makala imefika. Kilichofika ni kichwa na maelezo mafupi ambayo wenye tovuti wameyaandaa mahususi kwa kijikadi hicho. Nimewahi kuulizwa "umeionaje makala?" na mtu aliyenitumia kijikadi cha ukurasa unaosomwa na waliolipia tu.

Haya, tuseme umeufungua waraka kwa yeyote mwenye linki. Mimi mwanadamu nitausoma. Programu bado inaweza kukwama, maana ukurasa wa `/edit` ni programu nzima ya kuhariria, si waraka mtupu. Seva hutuma msimbo mwingi wa JavaScript, na kivinjari ndicho kinachouchora waraka mbele ya macho yako. Kwa wanaopenda kujaribu, Google Docs ina njia ya kutoa maandishi matupu, kwa amri hii ya kwenye terminali:

```
curl -sL "https://docs.google.com/document/d/KITAMBULISHO/export?format=txt" | head
```

Ukiona mistari ya kwanza ya katiba, waraka uko wazi. Ukiona alama za HTML, umepewa ukurasa wa mlangoni.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisipange bei kwa linki hata inapofunguka. Waraka wa Google Docs uko hai. Nitahesabu leo, jioni kamati itaongeza vifungu viwili, na kesho tutabishana kuhusu bei huku kila mmoja akisema kweli. Wikipedia wanalitambua tatizo hili, ndiyo maana kila toleo la makala lina anwani yake yenye `oldid` na namba, ili anayenukuu aelekeze kwenye toleo lile lile alilolisoma. Nyaraka za vikundi vyetu hazina utaratibu huo, kwa hiyo dawa yake ni kutuma maneno yenyewe.

Kwa waraka mfupi, bonyeza Ctrl+A, Ctrl+C, kisha ubandike kwenye barua pepe. Kwa katiba nashauri usifanye hivyo. Namba zinazowekwa na programu yenyewe hudondoka wakati mwingine maandishi yanapobandikwa bila mapambo, na tanbihi huachwa nyuma. Katika hadithi hilo halina neno. Katika katiba, kifungu kinachosema "adhabu itakuwa kama ilivyoelezwa katika kifungu cha 4(b)" kinabaki kinaning'inia, kwa sababu 4(b) haionekani tena. Nenda File, halafu Download, chagua Microsoft Word (.docx), na unitumie faili hilo. Namba zitakuja mahali pake.

Makala ya tovuti ina shida ya kinyume: yanakuja maneno mengi mno. Ctrl+A inakusanya menyu, matangazo, "Soma pia" na maoni ya wasomaji, na kama unalipa kwa neno, utalipia hata menyu. Firefox na Safari zina hali ya msomaji inayobakiza makala yenyewe, nawe unakili kutoka humo. Ondoa kwa mkono vichwa vya "Soma pia" vilivyopenyezwa katikati ya aya, maana hivyo hubaki mara nyingine. Juu ya maandishi weka mistari michache namna hii:

```
Kichwa:
Mwandishi:
Tarehe ya makala:
Imenakiliwa tarehe:
Linki:
```

Linki sijaikataa, mnaona. Inakaa hapo kuonyesha maneno yalikotoka, ili nikitilia shaka neno au jina niende kuhakiki. Mwisho wa maandishi andika MWISHO. Barua pepe ndefu huweza kukatwa inapoonyeshwa, na programu za simu huweza kuficha sehemu ya chini, nami nisipoliona neno hilo nitauliza kabla ya kuanza kazi.

PDF ipime kwanza. Shika kidole au kipanya juu ya mstari mmoja uone kama maneno yanachagulika. Yakichagulika, tuma PDF yenyewe badala ya kunakili kutoka ndani yake, kwa sababu kila mstari huvunjika kama aya mpya, na kurasa za safu mbili zinaweza kuchanganya mstari wa kushoto na wa kulia. Yasipochagulika, hiyo ni picha ya karatasi, na kuinakili hakutatoa neno hata moja. Uliza kama aliyeichapa bado ana faili la Word. Akiwa hana, tuma PDF hiyo na useme wazi kwamba ni skani: kuna kazi ya kuichapa upya, na ina bei yake.