Shapitri ya metodolojia: kueleza kwa nini hivi na si vile

Shapitri ya metodolojia ni sehemu ya memwari ambamo mtafiti anaonyesha alivyopata ushahidi wake, na kwa nini msomaji auamini. Nusu ya kwanza wanafunzi wengi wanaijua. Nusu ya pili ndiyo inayokosekana. Unafungua memwari ya elimu, unakuta kurasa nne za maana ya sampuli kwa mujibu wa fulani na fulani, kurasa mbili za maana ya hojaji, halafu sentensi moja: "Sisi tumetumia hojaji." Siku ya utetezi, jiri haiulizi hojaji ni nini, maana wao ndio waliokufundisha. Wanauliza kwa nini hukwenda kukaa darasani ukaangalia.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mwanafunzi wa sayansi za elimu Lubumbashi anauliza hivi: watoto wa darasa la tano la primeri ambao mwalimu wao anawaeleza matini ya Kifaransa kwa Kiswahili, je, wanaelewa zaidi wanachosoma kuliko wale wanaofundishwa kwa Kifaransa kitupu? Swali lina uzito, kwa sababu sheria ya elimu ya taifa ya 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi shuleni pamoja na Kifaransa, na kila mwalimu wa Ruashi au Katuba anajua kwamba yaliyoandikwa kwenye karatasi na yanayosemwa ubaoni ni mambo mawili. Tuseme komini alizochagua zina shule 100 na watoto 6,000 wa darasa la tano. Namba ni za mfano tu.

Hapa wengi wanakimbilia fomula ya Yamane, ambayo inatoa ukubwa wa sampuli n kutokana na idadi ya watoto wote N na kosa linaloruhusiwa e, hapa asilimia 5:

```
n = N / (1 + N × e²)
n = 6000 / (1 + 6000 × 0.05²) = 6000 / 16 = 375
```

Wanaandika 375, wanapumua, halafu wanakwenda kwenye shule tano zilizo karibu na nyumbani na kuchukua watoto 75 kila moja. Hesabu imetimia, lakini sababu imeanguka. Fomula ile inachukulia kwamba kila mtoto kati ya 6,000 amechaguliwa kwa kura peke yake. Watoto wa shule moja hawako hivyo. Wana mwalimu mmoja, kitabu kimoja kinachopita mikononi mwa watu wanne, na mara nyingi wanatoka mtaa mmoja. Wanafanana, na kila mtoto wa ziada kutoka shule ileile anakuambia kitu kidogo kipya.

Kufanana huko kunapimika. Kwa alama za kusoma, kipimo cha mfanano wa ndani ya shule cha 0.2 si kikubwa hata kidogo. Unazidisha mfanano kwa idadi ya watoto wa shule moja ukitoa mmoja, unaongeza moja, halafu unagawa sampuli yako kwa jibu hilo:

```
shule 5, watoto 75 kila moja:   1 + 74 × 0.2 = 15.8   375 / 15.8 = 24
shule 25, watoto 15 kila moja:  1 + 14 × 0.2 = 3.8    375 / 3.8  = 99
```

Watoto 375 wa shule tano wana nguvu ya watoto 24 waliochaguliwa mmojammoja. Idadi ileile ikitawanywa katika shule 25 ina nguvu ya watoto 99. Gharama ya karatasi haibadiliki. Inayobadilika ni nauli ya basi na siku za kazi. Na kuna jambo jingine linalowapita wengi: swali letu linahusu lugha ya mwalimu. Kwa hiyo kinacholinganishwa hasa ni walimu. Mwenye shule tano, hata akipima watoto elfu, amelinganisha walimu wachache sana. Sababu hii pekee inatosha kuandika aya nzima, na ni aya ambayo jiri itaisoma mara mbili.

Baada ya kuamua shule 25, bado unaeleza ni zipi. Kuzitoa zote kwenye kofia moja kunaweza kukupa shule za Kikatoliki tupu. Shule zetu zimegawanyika kwa usimamizi, na mgawanyiko huo unagusa swali: tangu elimu ya primeri ya umma itangazwe kuwa bure mwaka 2019, shule za binafsi zimebaki na wazazi wanaolipa, na nyumba zinazolipa zinaweza kuwa ndizo zinazozungumza Kifaransa na watoto. Basi unapanga orodha kwa makundi. Tuseme 32 ni za Kikatoliki, 20 za Kiprotestanti, 4 za Kikimbangu, 8 za serikali na 36 za binafsi. Robo ya kila kundi inakupa 8, 5, 1, 2 na 9, jumla 25. Ndani ya kila kundi unapiga kura kwa vikaratasi, na unaandika ulivyopiga. Kama direkta wa shule moja alikataa, unasema alikataa na ni shule gani ya akiba, kwenye orodha ileile, iliyochukua nafasi yake. Kuficha waliokataa ni kosa kubwa kuliko kukataliwa.

Chombo nacho kinazaliwa na swali. Ukimpa mwalimu hojaji yenye swali "Je, unatumia Kiswahili katika somo la Kifaransa?", ataona kivuli cha inspekta nyuma yako na kujibu "mara chache". Umepima woga wake. Ndiyo sababu mtafiti wetu anakaa darasani na gridi ya uchunguzi: kila baada ya dakika moja anatia alama, mwalimu anazungumza Kifaransa, Kiswahili, vyote viwili, au kimya. Mahojiano yanakuja baadaye, kwa kazi nyingine, yaani kujua kwa nini mwalimu alibadilisha lugha pale alipobadilisha. Gridi haiwezi kusema hilo. Unapoandika, weka kila chombo karibu na sehemu ya swali kinayojibu. Chombo kisicho na sehemu yake kiondolewe, hata kama kilikugharimu fotokopi.

Kwa upande wa watoto kuna jaribio la kusoma: matini fupi na maswali 12. Uhalali maana yake ni kwamba alama inayopatikana inasema kweli juu ya kile unachodai kupima, hapa uelewa wa kusoma. Neno hilo halithibitishwi kwa kuandika "chombo chetu ni halali kwa sababu direkta wa memwari alikisoma". Direkta mmoja ni msomaji mmoja. Walimu watatu wa darasa la tano, wenye programu ya taifa mkononi, wakikuambia swali kwa swali kwamba liko ndani ya kiwango cha darasa, hapo umeanza kuwa na kitu.

Kuna mtego mmoja hapa ninaoupenda kwa sababu ni rahisi kuufichua. Matini ikichukuliwa kutoka kitabu cha Ulaya, yenye theluji na treni za chini ya ardhi, mtoto wa Ruashi anaweza kukosa kwa kutoijua theluji, huku Kifaransa chake ni kizuri. Na kinyume chake: ukiandika matini juu ya soko na kuuliza "Mama anauza nini sokoni?", mtoto atajibu "nyanya" bila kusoma mstari. Dawa ni hii: katika majaribio ya awali, kwenye shule isiyo kwenye sampuli, wape watoto kumi maswali bila matini. Swali ambalo wengi wao wanalipata linapima mazoea ya maisha, wala halipimi kusoma. Litoe. Wape wengine thelathini jaribio kamili. Swali ambalo 29 wanalipata halitenganishi mtu na mtu, na lile lisilopatwa na yeyote vilevile. Kwenye shapitri unasema maswali mangapi yalitoka na kwa nini. Kiambatisho kinabeba matoleo yote mawili.

Kutegemeka ni jambo tofauti, na memwari nyingi zinayachanganya haya mawili. Mizani iliyoharibika inaweza kukupa kilo ileile ya uongo kila asubuhi: inategemeka, lakini si halali. Kwa gridi yetu, watazamaji wawili wanakaa darasa moja bila kuchunguliana, halafu wanalinganisha. Wakikubaliana kwa asilimia 80 inaonekana nzuri. Lakini kama mwalimu anazungumza Kifaransa sehemu kubwa ya kipindi, wangeweza kukubaliana kwa asilimia 60 kwa bahati tu. Kappa ya Cohen inaiondoa bahati hiyo: 0.80 kutoa 0.60, kugawa kwa 1 kutoa 0.60, ni 0.5. Hiyo ni ya wastani tu. Mara nyingi tatizo ni kisanduku cha "vyote viwili", ambacho kila mtazamaji amekielewa kivyake. Unaandika kanuni yake upya, mnarudi darasani, mnapima tena. Kwa jaribio ambalo kila jibu linahesabiwa sahihi au kosa, kutegemeka unakupima kwa KR-20, au alfa ya Cronbach ambayo hapo inatoa namba ileile.

Maadili wengi huyamaliza kwa aya moja: "Tulipata ruhusa ya mamlaka." Ruhusa inafungua geti la shule, haiwi ridhaa ya mtu aliye ndani. Mtoto wa miaka kumi anahitaji mzazi akubali, na yeye mwenyewe akubali, kwa maneno anayoyaelewa, na ajue kwamba kukataa hakumpunguzii alama. Direkta akiingia na kusema "Wote mtaandika", hakuna aliyekubali. Mwombe kwa heshima atoke, na upange shughuli nyingine kwa wasioshiriki, la sivyo wataona aibu na kuandika. Mzazi asiyesoma anaelezwa kwa Kiswahili mbele ya shahidi, kisha anatia kidole gumba. Fomu ya Kifaransa cha ofisi aliyoisaini bila kuielewa haikulindi wewe wala yeye.

Mwalimu ndiye aliye hatarini zaidi, na mara nyingi hatajwi kabisa katika aya hiyo. Umemwandika kwamba nusu ya somo la Kifaransa aliendesha kwa Kiswahili. Maneno hayo yakifika kwa inspekta yanaweza kumletea matatizo. Kuandika "Mwalimu M14" badala ya jina hakutoshi. Kumbuka sampuli yetu ina shule moja tu ya Kikimbangu kati ya nne. Ukitoa jedwali lenye mstari wa "Kikimbangu", pamoja na jinsia ya mwalimu na miaka yake ya kazi, kila mtu wa eneo hilo atamjua. Unaunganisha mstari huo na wa serikali kwenye jedwali, unaandika miaka kwa makundi mapana, na daftari linalounganisha M14 na jina lake halikai kwenye kompyuta moja na matokeo.

Mipaka nayo inaandikwa hapahapa, kwa namna ileile ya kutoa sababu. Mtafiti wetu hakuwagawa walimu kwa kura. Waliotumia Kiswahili walichagua wenyewe, pengine kwa sababu watoto wao walikuwa dhaifu tangu mwanzo. Kwa hiyo hata akikuta uhusiano, hawezi kuandika kwamba Kiswahili kilipandisha au kilishusha uelewa. Anachoweza ni kuuliza lugha ya nyumbani, kupima kiwango cha watoto mwanzoni mwa mwaka kama muda unaruhusu, na kulinganisha madarasa yaliyoanza karibu sawa.