Binamu, yangeyange hawali kupe kama unavyodhani

Binamu, za huko Arusha, sisi huku Kahe wazima. Meseji yako nimeipata, ile uliyosema hela ya dawa ya kuogeshea ng'ombe wako wawili tuiache maana umeona wale ndege weupe wamejaa malishoni na watamaliza kupe wenyewe. Hapana binamu, hapo umekosea, na siyo wewe tu, watu wengi wanaamini hivyo.

Wale ni yangeyange, wanachofuata ni panzi. Ng'ombe akitembea anakula, kwato zinasumbua nyasi, panzi na vidudu vingine wanaruka, yangeyange anadaka palepale bila kuhangaika kutafuta. Siku ukija mwangalie vizuri, anatembea karibu na kichwa na miguu ya mbele, macho yako chini kwenye nyasi, ngozi ya ng'ombe hana habari nayo. Ng'ombe wakilala kucheua utaona ndege wengi wanaondoka kutafuta kundi lingine linalotembea. Hafu angalia trekta likilima, wanalifuata hivyohivyo, sasa trekta lina kupe gani?

Sisemi hawagusi kupe kabisa, mara mojamoja atadonoa mmoja, ila siyo chakula chake cha kutegemea. Labda unamchanganya na yule ndege mdogo wa kahawia mwenye mdomo mwekundu anayeng'ang'ania mgongoni, huyo ndo anakula kupe kweli, ingawa na yeye akikuta kidonda anakidonoa anywe damu, kwa hiyo hata huyo siyo mbadala wa dawa.

Na tatizo lenyewe liko masikioni. Kupe anayeleta ugonjwa wa ndigana kali akishakuwa mkubwa anapenda kukaa ndani ya sikio, yangeyange hafiki huko. Mwaka jana nilipitisha wiki tatu bila kuogesha, yangeyange wako kila siku malishoni, ndama wangu mmoja akaanza kuzubaa, hanyonyi, mwili unachemka, nikampapasa chini ya sikio nikakuta tezi limevimba kama limau. Nilivyofunua sikio, kupe wamejipanga kwenye manyoya. Daktari wa mifugo alikuja akachoma sindano ila tulikuwa tumechelewa, siku ya tatu yake anahema kwa shida anatoa povu puani, usiku akafa. Iliniuma sana binamu, na bado inaniuma.

Ndo maana siku hizi naogesha kila wiki na masikio napaka dawa kwa mkono, ndani na nje, maana bomba likipita juujuu sikio linabaki kavu.

Yangeyange usiwafukuze lakini, hawamuumizi ng'ombe na panzi wanatupunguzia. Wale uliosema wanaumwa kwa kuwa wana rangi ya machungwa kichwani na kifuani ni wazima, ni manyoya ya msimu wa kuzaliana tu.

Hela ya dawa tuma kabla ya Ijumaa, Jumamosi asubuhi naogesha.