Kipato cha bodaboda wa mtandaoni: hesabu si mafuta pekee

«Programu ikikuonyesha 1,000 kwa siku, toa mafuta tu, kinachobaki ni faida yako.» Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu pamoja na picha ya skrini.

Si kweli. Tuchukue mfano: nauli 1,000, na makato ya jukwaa asilimia 20. Zinabaki 800. Programu inahesabu kilomita 60 za abiria na mizigo, lakini mita ya pikipiki imesoma 100, kwa sababu kwenda kumchukua mteja na kurudi mtupu hakulipwi. Pikipiki ikila lita moja kwa kilomita 40, umetumia lita 2.5. Bei ya lita ikiwa 100, umebaki na 550.

Halafu kuna uchakavu, na hapa ndipo wengi hupotea. Mafuta unalipia kila siku. Tairi, mnyororo na pedi za breki hukusubiri, kisha hudai kwa mkupuo. Gawa bei ya kila kipuri, pamoja na oili, kwa kilomita kilizodumu. Jumla ikiwa 1 kwa kilomita, toa 100. Zimebaki 450. Ukiwa hewani saa 10, ni 45 kwa saa, hata kama ulibeba wateja saa 5 tu.

Kuhakiki ni rahisi: jaza tangi pomoni, andika mita, endesha, jaza tena, kisha gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Fanya hivyo mwezi mzima, maana picha zinazosambazwa huwa za siku nzuri. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Kuna mtu anaweza kukopa pikipiki kwa kuuamini.