Hedhi nzito ukiwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda

Daktari, nina miaka 34, naishi Umoja. Bodaboda iliniangusha, mguu ukafungwa plasta, baadaye ukavimba, wakaona bonge la damu kwenye mshipa wa paja. Niko wiki ya sita kwa rivaroksaban, niliambiwa nimeze miezi mitatu. Hedhi yangu ilikuwa siku 4, sasa ni 8, na nabadilisha sodo kila saa moja na nusu. Mwezi huu niliacha dawa siku tatu za kwanza na damu ikapungua. Nikiendelea hivyo kuna ubaya?

Upo, dada, tena mkubwa kuliko unavyoonekana. Ila nafurahi umesema, maana wengi hufanya hivyo kimyakimya na sisi tunagundua mguu ukivimba upya.

Jina la mtaani, dawa ya kuyeyusha damu, ndilo linalotupotosha. Rivaroksaban haifanyi damu kuwa maji, wala haiyeyushi bonge lililoko pajani. Kazi yake ni kuzuia bonge lisiongezeke, huku mwili wenyewe ukilimeng'enya polepole kwa wiki na miezi. Ukiiacha, baada ya takriban siku moja imekwisha mwilini. Kwa hiyo katika zile siku tatu ulikaa karibu siku mbili bila kinga yoyote, na bonge bado lipo.

Hatari ya bonge kurudi huwa juu zaidi mwezi wa kwanza, hushuka miezi miwili inayofuata, kisha hushuka zaidi. Makadirio ya zamani, ambayo madaktari bado huyatumia, yanasema mtu asiyepata dawa kabisa mwezi wa kwanza ana uwezekano wa kama 40 kwa 100 wa bonge kurudi, na miezi miwili inayofuata kama 10 kwa 100. Wewe uko katika hicho kipande cha pili. Hatari imepungua, haijaisha, na kipande cha bonge kikimeguka huenda moja kwa moja kwenye mapafu.

Upande wa pili wa mizani ni hedhi. Mji wa mimba hufunga mishipa yake kwa njia mbili, kujikaza na kugandisha damu. Dawa imeingilia hiyo ya pili, ndiyo maana mtiririko umeongezeka. Kubadilisha sodo kila saa moja au mbili, kuvuka siku 7, au kutoa mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi 10, hiyo ni hedhi nzito na inahitaji tiba. Lakini upotevu huu unaonekana kwa macho, unahesabika kwa sodo, na damu iliyopotea inaweza kurudishwa. Bonge la mapafuni halitoi nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo, ndani ya miezi mitatu ya kwanza, mimi hutibu hedhi na kuiacha dawa mahali pake, na wala sipunguzi dozi. Kuna dozi ndogo ya rivaroksaban, miligramu 10, lakini hiyo ni ya watu wanaoendelea na kinga baada ya kumaliza angalau miezi sita ya matibabu kamili. Si yako.

Basi nifanye nini na hedhi nyingine inakuja?

Kwanza toa pakiti zako mezani. Rivaroksaban huanza kwa miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, halafu hubadilika kuwa miligramu 20 mara moja. Wapo wanaofika wiki ya sita bado wanameza 15 asubuhi na 15 jioni kwa sababu hakuna aliyewaambia wabadilishe, au walinunua tena dawa ile ile dukani kwa kuonyesha pakiti ya zamani. Hiyo ni 30 badala ya 20, na hedhi yao haishangazi. Wengine wana kosa la kinyume, wanameza ile ya 20 na chai tupu asubuhi. Tumbo likiwa tupu kiasi cha thuluthi moja ya dawa hakiingii. Imeze na mlo kamili, wa jioni unafaa zaidi kwa walio wengi.

Dozi ikiwa sahihi, tunatafuta kama kuna kingine. Dawa hii mara nyingi hufichua jambo lililokuwapo, hasa uvimbe wa mji wa mimba, ambao ni wa kawaida kwa wanawake wetu. Kipimo cha mimba, kiwango cha damu na picha ya ultrasaundi ya nyonga vinatosha kuanzia.

Halafu tunahesabu. Umebakiza wiki sita, yaani hedhi moja au mbili. Kwa muda mfupi hivyo, hatua nyepesi kuliko zote ni kuzungumza na daktari wako kuhusu kuhamia apiksaban, miligramu 5 mara mbili kwa siku. Inalinda dhidi ya bonge sawa na hiyo uliyo nayo, na wanawake wanaoitumia kwa ujumla hawapati hedhi nzito kama wa rivaroksaban. Hiyo pekee huwatosha wengi.

Ikishindikana, kuna homoni. Hapa utakutana na karatasi ya ndani ya pakiti ikisema mtu aliyewahi kupata bonge asitumie. Onyo hilo ni la kweli kwa mtu asiye na kinga. Ukiwa kwenye dozi kamili ya dawa ya kuzuia kuganda, hatari hiyo imefunikwa, na vidonge kama norethisteroni vinaweza kutumika chini ya daktari. Sharti ni kwamba homoni iishe kabla ya dawa ya bonge kuisha, ikiwezekana wiki kadhaa kabla. Ndiyo maana sipendi ile sindano ya mpango wa uzazi ya miezi mitatu kwa mtu wa hali yako. Yenyewe huhusishwa na ongezeko la mabonge, na ukidungwa wiki ya sita itakuwa bado inafanya kazi wiki ya 18, wakati vidonge vyako vilikwisha wiki ya 12. Sindano haitolewi mwilini ukibadili nia.

Kama ungekuwa mtu wa kumeza dawa hizi miaka mingi, hesabu ingegeuka kabisa. Hapo ningekuambia koili ya homoni, siyo ile ya shaba ambayo huongeza damu. Koili ya homoni hufanya kazi ndani ya mji wa mimba kwenyewe, na baada ya miezi michache wengi hubaki na matone tu. Miezi hiyo ya mwanzo huwa na matone yasiyoisha, kwa hiyo kwa mwanamke mwenye wiki sita tu, angepata usumbufu kabla ya faida.

Asidi ya traneksamiki, ile inayosaidia wanawake wengi wenye hedhi nzito, isinunuliwe kwa hiari yako. Inazuia bonge lisimeng'enywe, na la pajani nawe unataka limeng'enywe.

Damu yangu ilipimwa 9.8. Nimeongezewa vidonge vya chuma, sasa choo ni cheusi. Ndiyo dawa inanivujisha tumboni?

Kiwango cha mwanamke asiye mjamzito kinafaa kuwa 12 au zaidi, kwa hiyo una upungufu wa damu, ila haujafika pa kuongezewa damu. Kidonge kimoja cha feri salfeti cha miligramu 200 kwa siku kinatosha, hata siku moja ndiyo moja hapana, kwa sababu dozi moja ya chuma hufanya utumbo ukatae inayofuata kwa muda. Kimeze na maji, na chai ya maziwa ikae mbali nacho saa moja au mbili. Najua Nairobi hilo ni ombi gumu.

Choo cheusi au cha kijani kibichi kilichoshikana kama kawaida ni chuma. Choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya, hiyo ni damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na maumivu? Nimezoea Ponstani.

Hapo nitakukatalia. Ponstani, ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu ya hedhi kwa mwanamke asiyemeza dawa hizi, ndiyo sababu mashangazi wanaoshauri vidonge hivyo husema kweli kwake. Kwako zinakwaza chembe za kugandisha na kuchubua tumbo, juu ya dawa uliyo nayo. Tumia parasetamoli na chupa ya maji moto. Mwambie hivyo muuzaji wa duka la dawa kabla hajakufungia chochote.

Dadangu ana vali ya chuma moyoni, yuko kwa warfarini. Naye huacha siku tatu za hedhi.

Huyo ananitisha zaidi yako. Warfarini haiondoki kwa siku moja. Akiiacha siku ya kwanza ya hedhi, INR yake, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, huchukua siku nne au tano kushuka, hivyo siku zile nzito zinapita bila kupata nafuu yoyote. INR inakuwa chini wiki inayofuata, hedhi ikiwa imeisha, na akianza tena inachukua siku nyingine kupanda. Ameacha vali bila kinga wakati ambao hata haukuwa na damu. Bonge kwenye vali linaweza kuisimamisha au kupanda kwenye ubongo.

Na asiazime vidonge vyako. Dawa hizi mpya hazifai kwa vali za chuma. Dabigatrani ilijaribiwa, na jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu mabonge na kuvuja damu vyote vilizidi. Apime INR wiki ya hedhi. Ikiwa juu ya kiwango alichopangiwa, hapo kuna maelezo ya damu nyingi, na kliniki yake itarekebisha. Ikiwa ndani ya kiwango, atibiwe hedhi, na koili ya homoni izungumziwe mapema. Tena warfarini hudhuru mtoto tumboni, kwa hiyo njia ya uzazi wa mpango ni jambo lake hata kama hedhi ingekuwa nyepesi.

Lini nisisubiri kliniki?

Sodo ikijaa kwa saa moja, saa mbili mfululizo, au ukizimia, moyo ukikimbia umekaa tu, nenda dharura na pakiti ya dawa mkononi, ukiwa na saa ya kidonge cha mwisho kichwani, kwani ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Vivyo hivyo ukipata maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo la chini katikati ya mwezi. Yai likitoka huacha jeraha dogo kwenye ovari, na mtu wa dawa hizi anaweza kuvuja damu ndani bila tone kuonekana kwenye sodo. Kifua kikibana au pumzi ikikata, hasa baada ya siku ulizoruka dawa, usiende dukani kutafuta dawa ya kikohozi. Nenda huko huko dharura, na useme uliruka.