Je, wajua? "Bei ya dagaa kigoma" inavyopita ndani ya Google

"Hivi nikiandika 'bei ya dagaa kigoma' kule Google, inajuaje peji za kuniletea fasta vile, na nani anaamua ipi ikae juu?"

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Ukishabonyeza kutafuta, hakuna anayeenda kuzunguka intaneti muda ule. Kuzunguka kulishafanyika kabla, na kunaendelea usiku na mchana hata kama hakuna anayesachi. Kuna programu inaitwa Googlebot, kazi yake ni kufungua peji, kuisoma, kuchukua linki zote zilizomo, kuziweka kwenye foleni, halafu kufungua inayofuata, na hivyohivyo. Peji ya habari inayobadilika kila saa inaweza kutembelewa mara nyingi kwa siku, ila ya mtu aliyeandika mara moja akaiacha inaweza kukaa wiki kadhaa bila kuguswa. Na peji ambayo hakuna linki hata moja popote inayoielekea, na mwenyewe hajawapa Google anuani yake, roboti haina pa kuianzia.

Kinachosomwa hakihifadhiwi tu kama kilivyo, kinageuzwa. Chukua kitabu cha shule, kule nyuma kuna faharasa: neno, halafu namba za kurasa lilipo. Google wana faharasa ya namna hiyo, ila yao ni ya kila neno, na mbele ya kila neno kuna orodha ya peji zote zenye hilo neno pamoja na mahali lilipokaa ndani ya peji, kama ni kwenye kichwa cha habari au katikati ya aya au wapi. Wenyewe wanasema faharasa yao ina mamia ya mabilioni ya peji na imepita gigabaiti milioni 100. Haikai kwenye kompyuta moja, imegawanywa vipande kwenye seva nyingi, na swali lako linatumwa kwa vipande vingi kwa wakati mmoja, kila kimoja kinatafuta kwake tu na kurudisha peji zake bora, ndo maana haichukui hata sekunde.

Sasa tufanye mfano mdogo tuone kwa namba. Namba hizi ni za mfano tu, ila njia ndo yenyewe. Tuseme intaneti nzima ina peji 1000. Neno "dagaa" lipo kwenye peji 10, "kigoma" peji 20, "bei" peji 100, na "ya" lipo peji 950, maana nani anaandika Kiswahili bila "ya". Injini inaanza na orodha fupi kuliko zote, ya dagaa, zile peji 10, inaangalia zipi ziko pia kwenye orodha ya kigoma, zinabaki 4, inaangalia tena orodha ya bei, zinabaki 3. Ukianza na orodha fupi huna haja ya kupitia zile peji 950 za "ya" kabisa, umeokoa kazi kubwa. Hiyo peji ya nne iliyodondoka tuseme ilikuwa inaeleza dagaa wanavyozaliana Ziwa Tanganyika, nzuri tu, ila bei haikutajwa popote.

Zimebaki tatu. Ya kwanza tuiite A, ni ya mtu mjanja anayetaka wateja kwa nguvu, kaandika "dagaa dagaa dagaa" mara 40, "kigoma" mara 1 na "bei" mara 1. Peji B ni taarifa fupi ya soko, dagaa mara 5, kigoma mara 3, bei mara 4. Peji C ni ripoti ndefu ya mkoa mzima, kila neno limetajwa mara moja tu, tena mbali na mengine. Ukihesabu maneno kijingajinga A ina 42, B ina 12, C ina 3, kwa hiyo A anashinda kwa mbali. Na hivyo ndivyo injini nyingi za zamani zilivyokuwa zinadanganywa.

Dawa yake ina sehemu mbili. Ya kwanza aliiandika mtafiti Mwingereza Karen Spärck Jones mwaka 1972: neno lililo adimu lina uzito kuliko neno lililozagaa. Unagawanya peji zote kwa peji zenye hilo neno, halafu unachukua logi yake, yaani 10 inapandishwa kwa kipeo gani mpaka uipate namba hiyo. Dagaa ni 1000 kwa 10, yaani 100, logi yake 2. Kigoma 1000 kwa 20 inatoka 1.7. Bei inatoka 1. Na "ya" inatoka kama 0.02, yaani ni kama hukuiandika. Hakuna mtu aliyekaa akaiambia kompyuta kwamba "ya" haina maana kubwa, imejua yenyewe kwa kuhesabu, na hili mimi naliona ndo jambo zuri kuliko yote humu, kwa sababu linafanya kazi kwa Kiswahili, kwa Kiha, kwa Kinyamwezi, kwa lugha yoyote ile bila kujua sarufi.

Sehemu ya pili ni kuzuia kurudiarudia. Ilitengenezwa miaka ya 1990 na Stephen Robertson na wenzake wa pale City University, London, na fomula yao inaitwa BM25, hadi leo injini nyingi za kutafuta zinaitumia. Kwa kifupi, neno likitajwa mara ya kwanza linapewa 1 kamili, mara mbili linafika 1.38 hivi, mara tano 1.77, mara kumi 1.96, na hata ukilitaja mara elfu haliwezi kuvuka 2.2. Sasa rudi kwa mjanja wetu A. Dagaa mara 40 inampa 2.14, zidisha na ule uzito wa 2 inakuwa 4.27, ongeza 1.7 ya kigoma na 1 ya bei, jumla 6.97. B dagaa inampa 3.55, kigoma mara 3 inampa 2.67, bei mara 4 inampa 1.69, jumla 7.91. C anaishia 4.7. B kashika namba moja, tena hapa hatujaweka kwamba fomula kamili inaipunguzia peji ndefu, wala kwamba maneno yakiwa jirani au yakiwa kwenye kichwa cha habari yanaongeza nguvu.

Lakini maneno peke yake hayatoshi, maana A akishajua siri ataiga maneno ya B yote neno kwa neno. Hapo ndo Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi Stanford, mwaka 1998 walipoeleza njia yao ya PageRank: angalia nani kakuwekea linki, na huyo aliyekuwekea naye ana uzito gani. Peji ikiwa na alama 6 na imetoa linki 3, kila linki inabeba 2, halafu inapunguzwa kidogo kwa kuzidisha na 0.85, inafika 1.7. Peji ileile ikitoa linki 600 kila mmoja anaambulia kipande kidogo mno. Kwa hiyo linki moja kutoka saiti ya chuo au gazeti linaloaminika inaweza kuzidi linki mia za saiti zilizofunguliwa jana kwa ajili ya kusukumana. Watu walijaribu kununua linki na kujenga mashamba ya linki, na Google wanapambana nayo hadi leo. Siku hizi PageRank ni ishara moja tu kati ya nyingi, zikiwemo lugha ya swali, mahali ulipo, na peji ina umri gani.

Huo umri kwa dagaa ni kitu kikubwa. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka mavuno yanashuka, na mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, sasa bei iliyoandikwa Aprili ukiisoma Julai itakupoteza kabisa. Tatizo ni kwamba peji ya zamani ndo yenye linki nyingi, imekaa muda mrefu, imezoeleka, kwa hiyo inaweza kubaki juu ya peji mpya yenye bei ya kweli. Dawa yake ni rahisi, angalia tarehe kabla ya kuangalia bei, na ukiona hakuna tarehe, hiyo bei usiipigie hesabu ya mzigo.

Kuna jambo lingine linatuumiza sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Kiingereza maneno mengi yanabadilika mkiani, unakata mkia unabaki na shina. Sisi tunabadilisha mbele: nanunua, tunanunua, wanaonunua, sijanunua. Faharasa ya kawaida inaona hayo ni maneno manne tofauti. Mtu wa Kasulu akiandika "wanaonunua dagaa jumla" peji iliyoandikwa "tunanunua dagaa jumla" inaweza isitokee. Tangu 2019 Google wanatumia modeli ya BERT inayolinganisha maana badala ya herufi tu, na imesaidia, ila modeli inajifunza kutoka kwenye maandishi na Kiswahili kina maandishi machache mtandaoni ukilinganisha na Kiingereza. Kwa hiyo ukikosa, badilisha kitenzi au kiondoe kabisa ubaki na majina. Na ukitaka maneno yakae kwa mpangilio uleule, funga kwa alama za nukuu:

```
"bei ya dagaa" kigoma
```

Halafu kuna hili ambalo hakuna fomula ya kulitatua. Bei ya leo asubuhi pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kwa kupigiana simu, na Googlebot haingii kwenye grupu la mtu. Peji isiyoandikwa haiwezi kupangwa ya kwanza wala ya mia. Kama wewe ni mfanyabiashara na una saiti yako ila huioni ukisachi, usikimbilie kulipa mtu akupandishe juu, kwanza andika `site:` ukifuatisha anuani ya saiti yako bila kuacha nafasi. Zikitokea peji zako, basi upo kwenye faharasa, shida ni alama. Isipotokea hata moja, kuna uwezekano mkubwa roboti haijakufikia au imefungiwa mlango, na hapo fungua anuani yako ukimalizia na `/robots.txt` uangalie kama aliyekutengenezea saiti hakusahau mistari hii miwili, ambayo inazikataza roboti zote zisisome chochote:

```
User-agent: *
Disallow: /
```

Ukiikuta, mwambie afute hicho kimkwaju cha mwisho baada ya Disallow, kisha subiri, inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki mpaka roboti irudi.