Tundu la moyo ukubwani: nauangalia kwanza upande wa kulia

Mtu mzima akiambiwa ana tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo, swali lake huwa moja: "Dokta, ni kubwa kiasi gani?" Mimi huanzia kwingine. Nataka kujua kama upande wa kulia wa moyo umepanuka.

Damu iliyopata hewa safi mapafuni hurudi kwenye chumba cha juu cha kushoto. Tundu likiwepo, sehemu yake huvuka kwenda kulia, kwa sababu chumba cha chini cha kulia kina ukuta mwembamba unaotanuka kwa urahisi kuliko wa kushoto. Ikishavuka husukumwa tena mapafuni, hurudi, huvuka tena. Upande wa kulia hubeba mzigo huo miaka na miaka, mwenyewe hana habari. Umri ukisogea na presha ikipanda, chumba cha chini cha kushoto hukakamaa na damu inayovuka huongezeka. Ndiyo maana mtu aliyecheza mpira ujana wake wote huanza kuhema kwenye ngazi akifika miaka 40.

Mama mmoja wa miaka 43, muuza vitenge, alikuja akiwa ametibiwa pumu kwa muda mrefu bila nafuu. Nilipomsikiliza, sauti ya pili ya moyo ilikuwa imegawanyika, na pengo lake halikubadilika akivuta pumzi wala akiitoa. Kwa mtu wa kawaida pengo hilo hupanuka anapovuta. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha tundu la milimita 18 katikati ya ukuta, na vyumba vyote viwili vya kulia vimepanuka.

Kabla ya kuziba tulipima kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Oksijeni kwenye damu inayorudi kutoka mwilini ilikuwa asilimia 70, kwenye mshipa unaokwenda mapafuni 84, na kwenye damu inayotoka mapafuni kwenda mwilini 97. Hesabu yake ni nyepesi: mwili umechukua tofauti ya 97 na 70, yaani 27, mapafu yameongeza tofauti ya 97 na 84, yaani 13. Gawanya 27 kwa 13 upate takriban 2.1. Maana yake mapafu yake yalikuwa yakipitisha damu mara mbili ya ile iliyofika mwilini. Shinikizo la juu kwenye mshipa wa mapafu lilikuwa 38, la mwilini 122.

Vyumba vya kulia vikiwa vimepanuka, uwiano huo ukiwa 1.5 au zaidi, shinikizo la mapafuni likiwa chini ya nusu ya lile la mwilini na ukinzani wa mishipa ya mapafu ukiwa chini ya theluthi ya ule wa mwilini, tunashauri kuziba, hata kwa asiyesikia dalili yoyote. Ripoti ya eko inayosema tu "upande wa kulia umepanuka kidogo, arudi mwakani" hunikera. Umepanuka kwa nini?

Swali hilo lina uzito zaidi pale majibu yasipolingana. Tundu la milimita 6 haliwezi kueleza chumba kikubwa cha kulia. Hapo natafuta tundu jingine lililo juu, karibu na mshipa mkuu unaoleta damu kutoka kichwani na mikononi, ambalo mara nyingi huambatana na mshipa wa pafu la kulia uliojiunga mahali pasipo pake. Eko ya kifuani hulikosa kirahisi. Inahitajika eko ya kupitia umio au picha ya CT. Kizibo cha kawaida kinachopitishwa kwa katheta hakishiki pale. Kwa kawaida hiyo ni kazi ya upasuaji.

Wapo ambao kuziba kunawadhuru. Shinikizo la mapafuni likizidi theluthi mbili za lile la mwilini, au damu ikishaanza kuvuka kinyume na oksijeni ya kidoleni ikashuka mgonjwa anapotembea, tundu limekuwa njia ya kupumulia ya chumba cha kulia. Ukiliziba, chumba hicho hushindwa kazi. Kwa mzee mwenye moyo wa kushoto uliokakamaa, tunaziba kwanza kwa puto kwa muda na kupima: shinikizo la kushoto likipanda ghafla, mapafu yanaweza kujaa maji, kwa hiyo tunasitisha na kuutibu kwanza upande huo.

Yule mama aliwekewa kizibo kupitia paja, kwa kuwa kingo za tundu zilitosha kukishika, akaanza dawa za kuzuia damu kuganda juu yake. Baada ya miezi sita chumba cha chini cha kulia kilikuwa kimesinyaa karibu na kawaida. Cha juu kilibaki kikubwa kiasi, na kwa aliyezibwa baada ya miaka 40 hapo ndipo mapigo yasiyo na mpangilio huweza kuzuka hata tundu likiwa limefungwa vizuri. Nilimwambia, moyo ukianza kwenda mbio bila mpangilio, asisubiri tarehe ya kliniki.