PDF ya skana: eti maneno yakigeuka bluu basi maandishi yapo?

Wengi wanaamini ukiburuta mausi juu ya PDF na maneno yakigeuka bluu, basi ndani kuna maandishi na jedwali litatoka tu. Si lazima. Siku hizi programu zingine za kufungua faili zinasoma picha hapo hapo kwa skrini, so hiyo bluu ni kazi ya programu, faili yenyewe bado ni picha tupu na ukiipea Tabula, programu ya kutoa jedwali kwa PDF, haipati kitu.

Mweka hazina wa chama chetu hapa Umoja alinitumia kurasa 12 za michango, zilikuwa zimechapwa kwa karatasi halafu akazipiga skana na simu. Akaniuliza, "Kijana wangu, mbona jedwali linatoka tupu na majina nayaona?" Nikaanza na ukurasa wa 3:

```
pdffonts -f 3 -l 3 michango.pdf
pdftotext -f 3 -l 3 -layout michango.pdf -
```

Amri ya kwanza ikaonyesha Helvetica, na hapa ndipo watu hudanganyika, wanasema fonti ipo basi maandishi yapo. Lakini ya pili ilitoa mstari mmoja pekee, `3 / 12`, namba ya ukurasa ambayo ile app ya skana ilibandika chini. Majina na pesa zote zilikuwa ndani ya picha. Kama orodha ya fonti ingekuwa tupu kabisa, ungejua mara moja inataka OCR, yaani kompyuta isome maandishi yaliyo kwa picha, na kama ungeona `GlyphLessFont`, ungejua programu ya OCR iitwayo Tesseract ilishapita hapo na kuacha maandishi yasiyoonekana juu ya picha. Angalia ukurasa zaidi ya mmoja tafadhali, kwa maana kava inaweza kuwa ya kompyuta na zilizobaki za skana.

Ile namba ndogo ina madhara makubwa kuliko inavyoonekana. OCRmyPDF ni programu ya kuongeza tabaka la maandishi kwa PDF ya skana, na ukiitumia na `--skip-text` inaruka kila ukurasa wenye maandishi yoyote, kwa hivyo zote 12 zingerukwa. Hapa inafaa hii, inaacha maandishi yanayoonekana na kusoma picha, na kama kuna tabaka la zamani lililofichwa inaliondoa na kusoma upya:

```
ocrmypdf --redo-ocr -l swa+eng michango.pdf mpya.pdf
```

Dhana ingine ni kwamba tabaka likishakuwepo, namba zake ni za kuaminika. Ukurasa wa 3 jumla iliyochapwa chini ilikuwa 42,000, nikijumlisha zilizotoka napata 48,000. Tofauti ni 6,000, nikazuum safu kwa safu hadi nikapata 1,500 ya mtu mmoja imesomwa 7,500, ile 1 ilikuwa imeshikana na mstari wa jedwali. Nikairekebisha kwa mkono, halafu nikajumlisha kurasa 11 zilizobaki vivyo hivyo kabla sijamrudishia mama mweka hazina faili.